Marehemu wa Runinga ya Pembeni

Ursula anafanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga mtaani kwetu Katindiuka, na akitoka hapo anatengeneza gemu. Alijifunza kwa simu, akipumzika juu ya magunia, na laptop yake ina vumbi la pumba kwenye kila kitufe. Ana miaka thelathini na mmoja, hazungumzi sana, na ukimpa bei ya kitu anakaa kimya mpaka uishushe mwenyewe. Nimefanya naye biashara mara moja tu, na hiyo ndiyo nawasimulia.

Mimi nina banda la gemu pale mtaani. Runinga nne, tatu za mpira, na moja ya pembeni ambayo nilikuwa nataka kuiwekea gemu ya mpira pia. Ursula akaja kuiomba.

"Kaka Emanuel, gemu yangu haichezwi kwenye simu," akasema. "Wanacheza wawili, benchi moja, runinga moja. Nyumbani sina runinga. Bila banda lako, hii gemu haipo."

Nikamwambia sawa, ila kwa masharti. Jumamosi watacheza watu wawili nitakaowachagua mimi. Wakivuka mito yote mitatu ya gemu yako kabla ya saa kumi na mbili jioni bila kugombana, runinga ni yako mwaka mzima. Wakishindwa, naweka mpira, na usirudi kuniomba. Akakubali haraka mno. Nikajua hajanielewa.

Niliwachagua Lukelo na Apolinari. Mama yake Lukelo, Yosefina, ni dada wa baba yake Apolinari. Kwa hiyo hao ni mabinamu, na mabinamu kwetu ni watani: mmoja akianguka na baiskeli, mwenzake kwanza anacheka, halafu anadai alipwe kwa kumshuhudia.

Gemu yenyewe ni hivi. Watu wawili wanapeleka mpunga mashineni wakati bonde limefurika, wanavuka mito mitatu kabla jua la gemu halijazama. Kila mmoja ana debe lake. Kuna viboko wa mtoni, kuna matope, na kamera inamfuata aliye mbele. Aliyeachwa nyuma akitoka nje ya picha anahesabiwa amezama. Kumwokoa, mwenzake anarudi, anasimama juu yake na kushikilia kitufe sekunde tatu, na kama asante anapata nusu ya mpunga wa aliyezama. Ursula alikuwa ameijaribu wiki nzima na dada yake. Dada yake alikuwa anaokoa tu, kila mara, bila swali. Kwa hiyo Ursula alikuwa na hakika kwamba kila kitu kiko sawa.

Saa nane tulianza. Saa nane na dakika mbili Lukelo alikimbia mbele, kamera ikamfuata, Apolinari akatoka nje ya picha akiwa hajakosea kitu. Lukelo akarudi taratibu, akamwokoa, akachukua nusu debe. Akakimbia tena.

"Hunisubiri?" Apolinari akauliza.

"Nikikusubiri utazama saa ngapi?"

Mara ya nne, Apolinari alikuwa hana mpunga wa kugawana. Lukelo akasimama juu ya maiti kwenye picha, akaweka pedi ya kuchezea mapajani.

"Sishiki kitufe," akasema. "Huyu marehemu hazikwi wala hafufuki mpaka ndugu zake walete jogoo. Yule mwekundu wa kwao."

"Yule simtoi. Bora nife."

"Umeshakufa, binamu."

Akachukua kanga iliyokuwa imeanikwa nje, akamfunika Apolinari palepale kwenye benchi, akaanza kulia kilio cha watani, kile cha kutaja madeni na tabia mbaya za marehemu. Apolinari naye, badala ya kuinuka, akajinyoosha vizuri ili miguu isitokeze.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu Lukelo ana sauti. Mama mmoja wa jumuiya ya kanisani alipita, akaona miguu na kanga, hakuuliza. Robo saa baadaye kulikuwa na mzigo wa kuni mlangoni, masufuria mawili, na wanaume wanasogeza mabenchi yangu nje ili watu wakae. Yosefina akafika ameshika kichwa.

"Shikamoo shangazi," Apolinari akasema chini ya kanga.

"Marahaba. Nani amekufa?"

"Mimi."

Yosefina akamtazama mwanawe. "Unamdai nini?"

"Jogoo, mama."

"Mwekundu?" Akakaa. "Basi usishushe bei."

Mwenyekiti wa mtaa, mzee Fridolin, alikuja na daftari la rambirambi chini ya kwapa. Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema utaratibu ni utaratibu: watu wamekusanyika, kuni zimeletwa, huo ni msiba, na kwenye msiba runinga zinazimwa.

"Lakini mzee," nikamwambia, "marehemu yuko ndani ya runinga. Ukiizima, unamzika wewe."

Akafikiri. Tukapatana: tatu za mpira zizimwe, ya pembeni iwake bila sauti.

Saa tisa ilikuwa imepita. Ursula alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, anawaangalia wale wawili kama anavyoangalia mashine inapotoa mchele wa chenga, uliovunjika.

"Nimewapa sababu ya kuuana," akasema. "Anayeokoa analipwa. Na aliye nyuma anauawa na kamera, siyo na kiboko."

"Sharti letu halina nafasi ya kutengeneza," nikamwambia.

"Wala halina la kukataza."

Ni kweli, nililisahau. Akafungua laptop. Waombolezaji walikaa na kusubiri; wengine walishaanza kuchambua mchele.

Alimaliza saa kumi na dakika arobaini. Madebe mawili aliyafuta, akaweka gunia moja la wote wawili. Kamera sasa inakaa katikati yao. Wakiachana inapanuka, mpaka kikomo chake, na hapo aliye mbele anagota ukingoni mwa picha mpaka mwenzake asogee. Hakuna anayeuawa kwa kuachwa. Aliyezama anaelea juu ya kibuyu, naye anakiendesha kwa pedi yake. Akimgusa mwenzake tu, anasimama, na viboko hawamuumi kwa sekunde mbili ili asife tena palepale. Mwenzake akimkimbia, baada ya sekunde kumi kibuyu kinamfikisha ufukweni karibu naye. Ila jua la gemu linazidi kushuka, na jua hilo ni la wote.

Lukelo alijaribu palepale. Akakimbia, picha ikapanuka, akagota.

"Nimenasa."

"Mrudie binamu yako," Ursula akasema.

Kiboko akamwangusha Apolinari. Lukelo akamkimbia, kibuyu kikamfuata kinazunguka, msiba mzima ukacheka, Yosefina akapiga paja. Sekunde kumi, Apolinari akasimama. Jua likawa limeshuka, wakashindwa mto wa kwanza wote wawili. Waliporudia, Lukelo alikuwa anakimbilia kibuyu kabla hakijamwita.

Apolinari alikasirika kidogo. "Unaniokoa bila kudai kitu? Huu ni utani gani?"

"Nyamaza, kaa kulia kwangu, jua linazama."

Walivuka mto wa tatu saa kumi na moja na dakika hamsini na mbili. Nikajaribu kumpa Ursula Jumamosi na Jumapili tu. Akakaa kimya. Nikaongeza Ijumaa. Akaendelea kukaa kimya, na nyuma yake Yosefina na mzee Fridolin walikuwa wameshakalia benchi, pedi mkononi, mwenyekiti anauliza kitufe cha kukimbia ni kipi. Nikampa mwaka mzima.

Lukelo alisisitiza kwamba jogoo bado ni deni, kwa sababu kile kilikuwa kifo cha sheria ya zamani. Wakamwuliza Ursula. Akasema jogoo ni kama gunia, la wote wawili. Kuni zilikuwepo, sufuria zilikuwepo. Apolinari alienda kumleta mwenyewe, na nyama ilipopakuliwa, yeye hakula.