Databezi Iliyokuwa Inanenepa

Bili ilipanda miezi minne mfululizo kabla Sista hajaniita. Alikuwa msimamizi wa zahanati zetu zote, za huku juu Mbulu na zile za chini kwenye tambarare za Hanang, na mimi ndiye niliyekuwa mtu wa kompyuta. Nilipanga chumba Dongobesh, nyuma ya duka la pembejeo, na humo ndimo nilimoangalia mfumo uliotunza kumbukumbu za wagonjwa. Kumbukumbu zenyewe hazikuwa Dongobesh. Zilikaa kwenye databezi tuliyokodi kwa kampuni ya nje, huko mtandaoni, nasi tulikatwa kwenye kadi ya benki kila mwisho wa mwezi.

"Shikamoo Sista," nilisema nilipoingia ofisini kwake.

"Marahaba mwanangu. Kaa." Akanigeuzia simu yake nione ujumbe wa benki. "Wagonjwa wameongezeka?"

"Hapana, Sista. Wako vilevile."

"Basi tunalipia nini?"

Nilimwambia nitaangalia, nikatoka nikiwa na joto masikioni. Bili yenyewe haikunitisha sana. Kilichonitisha ni kwamba kitu nilichoaminiwa kilikuwa kinakua, na mimi sikujua kinakula nini.

Nilipofungua ukurasa wa kampuni niliona sababu mara moja. Diski ya databezi ilikuwa imeongezwa mara kadhaa, na kila mara ilijiongeza yenyewe. Tulipoanza, niliweka tiki kwenye kisanduku kinachosema diski ikikaribia kujaa, ijipanue. Nilikipenda kile kisanduku. Nilijiambia nesi wa Masieda hatakwama kuandika dawa ya mtoto eti kwa sababu diski imejaa. Sikufikiria kwamba diski isiyojaa haipigi kelele. Hitilafu yoyote iliyokuwa humo ndani ingeendelea kula kimyakimya, na sisi tungeendelea kuilipia.

Nikapima majedwali ya wagonjwa, moja baada ya jingine. Yalikuwa madogo, kama nilivyotegemea: majina, vijiji, magonjwa, dawa. Ukiyajumlisha yote yasingefika hata sehemu ndogo ya nafasi iliyotumika. Hapo ndipo woga uliponishika sawasawa. Nilidhani kuna mtu ameingia, amejificha humo, anaweka vitu vyake. Nilibadilisha nywila zote, kisha nikakaa nikitazama mstari wa nafasi iliyobaki ya diski kwenye kioo. Mstari uliendelea kushuka polepole vilevile.

Hapakuwa na mwizi. Mwaka uliotangulia mwenzangu wa Arusha, tuliyeandika naye mfumo huu, alijaribu kuunganisha programu ya ripoti. Programu ile ilisoma kila badiliko kwenye databezi na kulinakili kwake. Majaribio yakaisha, programu ikazimwa, lakini hakuna aliyeiambia databezi. Basi ikawa inamtunzia msomaji wake, ile programu iliyozimwa, kila badiliko, ikingoja arudi kuchukua. Na databezi ya namna hiyo haikai kimya hata pasipokuwa na mgonjwa. Kila dakika chache huandika alama zake ndogo za kujihakikishia kwamba iko hai, na hizo nazo zilitunzwa.

Nilimfuta yule msomaji. Ndani ya muda mfupi nafasi kubwa ikaachiwa, nikashusha pumzi. Kisha nikasoma maelezo ya kampuni nikaona jambo ambalo sikulijua: diski ikishapanuliwa hairudi nyuma. Ungeweza kuiongeza tu. Diski yetu sasa ilikuwa karibu tupu, na tungeilipia kana kwamba imejaa.

Nilimpigia Sista nikamweleza. Akauliza, "Na haitatokea tena?"

"Nitahakikisha, Sista."

Nilisema hivyo kwa sababu ndicho alichotaka kusikia. Kuhakikisha kulimaanisha kuzima kabisa uwezo wa programu nyingine kunakili namna ile. Setingi hiyo ilikuwa pamoja na nyingine nyingi kwenye kundi moja la mipangilio, na ni ya aina ambayo haianzi kazi mpaka databezi izimwe na kuwashwa upya. Niliibadilisha. Ukurasa ukaandika kwamba kuna badiliko linalosubiri kuwashwa upya. Najua, nikasema moyoni, ni langu.

Mbali na ile ndogo ya majaribio, tulikuwa tunalipia databezi mbili: moja ya kazi na pacha wake aliyekaa kwenye jengo jingine, tayari kushika zamu iwapo ya kwanza itakufa. Tulikuwa hatujawahi kumwona pacha huyo akifanya kazi. Kampuni iliruhusu kuwasha upya kwa kuhamia kwake, na ikasema kukatika kungekuwa kwa dakika moja au mbili. Nikachagua siku ya mnada, mchana, wakati watu wengi wako kwenye ng'ombe na zahanati zina nafasi. Niliwatumia manesi wote ujumbe, nikabonyeza.

Pacha alishika zamu haraka. Ukurasa ukaandika kwamba databezi inapatikana. Nilitabasamu peke yangu.

Lakini mfumo wetu haukurudi. Ulikuwa umeganda. Kila zahanati ilikuwa na nakala yake ya programu kwenye seva yetu ndogo, na zote ziliendelea kugonga mlango wa zamani. Jina la databezi lilikuwa lilelile, ila sasa lilielekeza kwa pacha. Programu zetu zilitafuta anwani mara moja tu zilipowashwa, zikaikariri. Nilipolielewa hilo nilizizima zote nikaziwasha tena.

Zikaunganika. Halafu zikaanza kuanguka, moja baada ya nyingine, na ujumbe uleule: nafasi za kuunganika zimejaa. Nilijaribu kuingia kwenye databezi mimi mwenyewe. Nikakataliwa mlangoni kama mgeni.

Simu ikalia. Alikuwa nesi wa zahanati ya chini kabisa, kule tambarare za Hanang, mwanamke mtu mzima ambaye sikuwahi kumsikia akiongea haraka.

"Dada, mfumo unarudi saa ngapi?"

"Shikamoo mama. Nahangaika nao. Kuna nini?"

"Marahaba. Nina mgonjwa hapa, mfugaji, mguu umeoza kwa jeraha, homa imempanda mpaka hajitambui. Anahitaji sindano sasa. Lakini kuna mtu wa upande huu aliwahi kuchomwa sindano akakaribia kufa. Aliandikwa kwenye mfumo. Sikumbuki kama ni huyu."

"Mke wake hajui?"

"Yuko hapa, anaongea Kidatoga tu. Anachonionyesha ni kwamba alichomwa akavimba uso. Dawa gani, hajui. Kadi haipo, waliondoka nyumbani mbio."

Nyuma yake nilimsikia yule mke akisema maneno ambayo sikuyaelewa, akiyarudia, sauti ikipanda.

"Nipe muda kidogo," nilisema.

"Muda ndio hana, dada."

Kwenye ukurasa wa kampuni nilifungua kundi la mipangilio nikapitia kila mstari uliowahi kuguswa. Idadi ya juu ya viunganishi, yaani nafasi za kuunganika kwa wakati mmoja, ilikuwa imeshushwa mpaka chini kabisa, na si mimi niliyeishusha. Nikampigia mwenzangu wa Arusha.

"Ulishusha idadi ya viunganishi?"

"Kwenye databezi ya majaribio," alisema. "Zamani. Nilitaka kuona mfumo wetu utafanya nini zikijaa."

"Kundi la mipangilio la majaribio na la kazi ni lilelile."

Akasema kwa sauti ndogo, "Mungu wangu."

Badiliko lake lilikuwa limekaa kwenye databezi yetu miezi yote hiyo, likisubiri siku ya kuwashwa upya. Yale maneno kuhusu badiliko linalosubiri, niliyodhani ni yangu, yalihusu mabadiliko yetu wote wawili, na ukurasa haukusema ni mangapi.

"Rudisha namba, uwashe tena," alisema.

Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe, nikashindwa kubonyeza. Niliogopa. Nilikuwa nimewasha upya mara moja tu na tazama kilichotokea. Ningejuaje hakuna kingine kinachosubiri humo? Kule chini mtu alikuwa amelala bila kujitambua, na mimi ningeweza kumfungia mlango kabisa. Nikaweka simu mezani, nikashika meza kwa mikono yote miwili mpaka kichwa kilipotulia.

Nafasi zilikuwa chache, lakini zilikuwepo. Zilijaa kwa sababu zahanati zote ziling'ang'ania kwa pamoja. Basi nilizima nakala zote, Tumati, Masieda, Dongobesh, zote, nikaacha moja tu, ya yule nesi. Nikampigia.

"Mama, jaribu sasa."

Nilisikia akibonyeza. Nilisikia jogoo huko kwake.

"Unazunguka," alisema. "Unazunguka... umefunguka."

"Ndiye?"

Alikuwa anasoma jina la baba, kijiji, ukoo. Kisha alisema, taratibu, "Ndiye. Penisilini. Imeandikwa kwa herufi kubwa."

"Na ulitaka kumpa nini?"

"Hiyohiyo, dada. Nimeshaivuta kwenye bomba la sindano."

Alikata simu kwenda kumtafutia dawa nyingine. Mimi nilitoka nje, nikakaa kwenye gunia la mbolea barazani. Mwenye duka akaniuliza kama naumwa. Nikasema ndiyo, ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Jioni, kila mstari ukiwa umesomwa na sisi wawili kwa simu, kwa sauti, nilirudisha namba na kuwasha upya kwa mara ya pili. Safari hii kila kitu kilirudi. Baadaye tulitenganisha makundi ya mipangilio, tukaifundisha programu kutafuta anwani upya kila inapopoteza njia, na tukahamisha kumbukumbu zote kwenye databezi mpya yenye diski ndogo. Bado inaweza kujipanua, ila tumeiwekea kikomo, na inanitumia ujumbe kabla ya kukifikia. Bili ikashuka.

Mfugaji alipona, ingawa alipoteza vidole viwili vya mguu. Sista alinipeleka kumwona kule chini. Alikuwa amekaa kivulini mwa nyumba ya udongo, mguu umefungwa bandeji safi, na mke wake akatuletea maziwa kwenye kibuyu. Hawakujua mimi ni nani. Nesi aliwaambia kwa Kidatoga chake cha kuokoteza kwamba ninatengeneza kompyuta, na mfugaji akainamisha kichwa kwa heshima tu.

Njiani kurudi Sista aliniuliza, "Kama ule mfumo usingefunguka?"

Nilikuwa nimejiuliza swali hilo kila siku tangu siku ile ya mnada.

"Angesubiri kwanza," nilisema. "Nesi ni mwangalifu."

"Angesubiri mpaka lini?"

Gari lilikuwa linapanda ukuta wa bonde, na vumbi lilikuwa limejaa kwenye vioo. Nilimwambia sijui. Alinitazama, kisha akanishika mkono, akaushikilia mpaka tulipofika juu kwenye baridi.