Madebe Manne ya Bluu

Kila asubuhi, kabla hajapima maziwa ya mtu yeyote, Mama Mkubwa alipima maji. Alijaza maji safi kwenye gilasi ndefu nyembamba, akateremsha ndani yake laktomita, kile kijiti cha kioo chenye uzito wa risasi tumboni, akangoja kitulie. Mstari wa sifuri ukigusa uso wa maji, anasema "haya," anamwaga, anaita wa kwanza. Usipogusa, hapimi mtu.

"Mama Mkubwa, hata bomba humwamini?" wanafoleni walimtania.

"Bomba si ndugu yangu. Na hata angekuwa ndugu ningempima."

Hilo lilikuwa kweli. Mimi ni mtoto wa mdogo wake, nalala chumba kimoja naye, na maziwa ya ng'ombe wetu kila siku nilikuwa nayapeleka pale kituo cha maziwa alikokuwa mpimaji, lakini nilipimwa kama mgeni. Maziwa mazuri husoma ishirini na sita hadi thelathini na mbili hivi. Ukiyatia maji yanakuwa mepesi, kijiti kinazama zaidi, namba inashuka. Namba ikishuka, unarudi na debe lako huku watu wote wanakutazama. Mimi nimesoma hadi darasa la tano tu, lakini namba hizo nazijua kuliko siku yangu ya kuzaliwa.

Hakuwa mtu wa kukimbilia kumwita mtu mwizi. Mwezi wake wa kwanza kazini alimkataa mzee mmoja tuliyemwita Babu Kofia. Maziwa yalisoma ishirini na tatu. Mzee hakubishana. Kesho yake alikuja na ng'ombe mwenyewe, akamfunga kwenye nguzo ya kituo, akasema, "Kamua wewe, mwanangu. Ndoo ni yako, mikono ni yako." Mama Mkubwa akakamua. Akapima papo hapo, yakiwa na joto na povu: ishirini na tatu. Akayaacha yapoe, povu likaisha, akapima tena: ishirini na tisa. Maziwa ya moto ni mepesi, yeye alikuwa hajangoja. Aliomba radhi mbele ya foleni nzima, na tangu siku hiyo kipimajoto hakikutoka mfukoni mwake.

Sasa kulikuwa na bwana mmoja wa pikapu. Jina lake la foleni ni Tangi, kwa sababu ya tumbo, na kwa sababu alileta madebe sita wakati sisi tunaleta moja moja. Maziwa yake yalisoma ishirini na tisa. Kiangazi, ishirini na tisa. Masika, ishirini na tisa.

"Ng'ombe wake wamemeza saa," Mama Mkubwa aliniambia tukirudi nyumbani. Hakucheka.

Siku moja debe la Tangi lilipomiminwa likaisha, Mama Mkubwa akainama, akachungulia ndani. Chini kulikuwa na utelezi mweupe. Aliuchota kwa kijiko, akauweka kwenye kichupa, akaendelea na kazi. Nyumbani aliuongezea maji kidogo, akauchemsha, akauacha upoe. Kando yake akaweka maziwa yetu, nayo yalichemshwa yakapoa. Akachukua iodini, ile dawa ya kahawia ya vidonda, akadondosha matone mawili huku na mawili kule.

Ya kwetu yakawa manjano kidogo, basi. Ya Tangi yakawa bluu, bluu ya wino.

"Unga," alisema. "Anatia maji, yanakuwa mepesi. Anatia uji mwembamba, yanakuwa mazito tena. Mimi napima uzito, namba inaniambia sawa." Alikaa chini sakafuni. "Na maji yenyewe ya wapi? Ya kisima kipi?"

Nilijua anachowaza. Gari la kituo hupeleka maziwa wodi ya watoto, wale waliokonda, wanaonyweshwa kwa kijiko. Kwenye karatasi ya kila safari iko sahihi yake.

Alimwambia msimamizi wa kituo. Msimamizi alifunga mlango, lakini dirisha lile halina kioo, na mimi nilikuwa naosha debe langu chini yake.

"Ulishamkosea Babu Kofia," alisema msimamizi. "Unataka kukosea tena, safari hii kwa mtu mkubwa? Mpimaji aliyekutangulia naye alikuwa na maneno maneno."

"Yuko wapi siku hizi?"

"Alianguka ngazini, mkono haujapona."

Tulimjua mpimaji yule. Nyumba yake haina ngazi.

Jioni ile Tangi alikuja kwetu. Alibisha hodi vizuri, akavua viatu mlangoni, akakataa chai kwa adabu.

"Dada, nasikia unaumwa na mawazo," alisema. "Mimi sina ugomvi na mtu. Nimepita tu kuwajulia hali." Akanigeukia akitabasamu. "Na huyu binti yetu, mbona hupita peke yake na debe ile njia ya vichakani? Saa kumi na mbili kasorobo, kiza bado. Mwambieni aangalie nyoka."

Sikuwahi kumwambia mtu saa ninayopita.

Alipoondoka, Mama Mkubwa alisukuma kabati hadi mlangoni. Nilimsikia akihesabu pumzi kama mtu anayepanda mlima.

Asubuhi tulikwenda pamoja, kwa barabara kubwa. Alijaza maji kwenye gilasi, akateremsha laktomita, lakini kijiti kikawa kinagonga kioo, ti, ti, ti, hakitulii. Akaweka gilasi mezani, akajishika mikono, akangoja. Sifuri.

"Haya," akasema. Sauti ilikuwa ndogo.

Pikapu ikafika. Tangi hakushuka, aliegesha kiwiko dirishani. Debe la kwanza: ishirini na tisa. Msimamizi akasukuma karatasi. "Andika, twende."

"Bado."

Alichota kutoka kila debe, sita, kila moja kwenye mrija wake wa kioo wenye namba. Akaichemsha kwenye jiko la ofisi, akaipoza kwenye beseni la maji, akipima joto mara mbili, huku msimamizi akimwambia sikioni maneno ambayo sikuyasikia. Akadondosha iodini. Moja, bluu. Mbili, bluu. Tatu, manjano. Nne, bluu. Tano, bluu. Sita, manjano.

Babu Kofia alikuwa nyuma yangu. "Mungu wangu," alisema polepole.

Mlango wa pikapu ukafunguka.

Rafuni huwekwa chupa ya rangi nyekundu. Maziwa yaliyokataliwa hutiwa rangi hiyo yasije yakauzwa kwingine. Mama Mkubwa aliichukua. Alitia debe la kwanza, la pili, la nne, la tano. Maziwa yakageuka waridi mbele ya watu thelathini. La tatu na la sita hakuyagusa.

"Haya mawili hayana kosa la unga," alimwambia Tangi, ambaye sasa alikuwa amesimama karibu naye kiasi cha kumpulizia usoni. "Yanapokelewa."

"Umemaliza?" Tangi aliuliza, taratibu kabisa.

"Nimemaliza."

Aliandika namba za madebe manne kwenye karatasi, akatia sahihi upande wa kukataa. Akaosha laktomita, akaifuta, akailaza kwenye pamba yake. Ile mirija minne ya bluu aliiziba, akaifunga kwa khanga, akaitia kwenye kikapu changu. Ofisi ya afya iko mwisho wa barabara kubwa, mwendo wa saa nzima.

Akavua koti jeupe, akalitundika msumarini. Babu Kofia aliacha debe lake kwenye foleni akaja kusimama kando yetu, bila kuitwa.

"Twende, usikimbie," Mama Mkubwa aliniambia. Akanishika mkono.

Tukapita katikati ya foleni, tukapita pikapu ambayo injini yake ilikuwa imeanza kunguruma. Mama Mkubwa hakugeuka. Mirija tuliifikisha salama, lakini kituoni hatukurudi tena: koti bado liko msumarini, wanasema, hakulirudia.