Mama Mabaki na Jina la Kongamano

Jina la Mama Mabaki halikuchapishwa kwenye bango lolote. Mwalimu Zadock alilitamka mara moja tu, kwa mzaha, mbele ya kanisa pale Rangwe, na wiki haikuisha kabla halijamtangulia mpishi mwenyewe, Filister, hadi kwao kisiwani Rusinga, ziwani. Alipofika huko kwa matanga ya shangazi yake, akiwa bado na leso ya machozi mkononi, shemeji mmoja alimpokea kwa furaha: "Karibu, Mama Mabaki. Leo umetubakishia nini?"

Filister alicheka, kwa sababu mtu hawezi kugombana matangani.

Kisa chenyewe kilikuwa cha kongamano la vijana la mwaka uliotangulia. Zadock, mwenyekiti wa kamati, alimwambia apike chakula cha watu mia nne. Filister, ambaye amepikia harusi na mazishi ya Rangwe kwa miaka ishirini, akapika cha watu mia nne. Wakaja tisini. Wali ulichacha, nyoyo, yaani mahindi na maharagwe, ikaota povu, mbwa wa soko zima wakashiba hadi wakawa hawabweki. Jumapili yake Zadock akasimama kutoa taarifa. Hakusema kwamba watu hawakuja. Alisema jiko lilipita kiasi, akatabasamu na kuongeza kwamba tumshukuru Mama Mabaki. Kanisa likacheka. Tangu siku hiyo akina mama walioolewa juzi walikuwa wakipewa sufuria za harusi, na yeye anaambiwa apumzike.

Kwa hiyo kamati ilipomwita tena mwaka huu, alikwenda na sharti moja.

Aliwakuta watu watatu kwenye chumba cha nyuma cha kanisa, Jumamosi mchana. Zadock alikuwa kichwani mwa meza. Celestine, katibu, msichana mwenye kompyuta na subira, alikuwa pembeni yake. Wa tatu alikuwa Boaz, kijana mkulima aliyesafiri kutoka Kegonga kuwasemea vijana wa upande wa mpakani. Ubaoni kulikuwa na neno MWANGA, limeandikwa kwenda chini, na kila herufi ilitakiwa kuzaa neno lake. M ilikuwa imezaa Maono. W ilikuwa imezaa Weledi. A haikuwa imezaa kitu tangu saa nne.

"Mama, tutakupa idadi baadaye," Zadock alisema. "Kwanza tunatafuta jina."

"Hilo hilo ndilo limenileta, mwalimu. Sipiki mpaka nijue mnamwita nani."

"Tunawaita vijana."

"Mwaka jana mliwaita nani?"

Celestine akafungua kompyuta na kusoma, na kadiri alivyosoma ndivyo sauti yake ilivyopungua: Kongamano la Viongozi Chipukizi wa Mageuzi. Mada: Kuimarisha Uwezo wa Vijana kwa Maendeleo Jumuishi na Endelevu katika Ulimwengu Unaobadilika.

"Nimepumua mara mbili," Celestine alikiri.

"Kwenye fulana mada ilijaza mgongo wote," Boaz alisema. "Mimi ni mwembamba. Kwangu iliishia kwenye Jumuishi, ikageuka kuja tumboni."

Zadock hakucheka. Yeye ndiye aliyelitunga. "Mama, kwa heshima, mambo ya mada yanahitaji mtu aliyesoma."

"Nilifika darasa la pili," Filister alisema. "Lakini mwalimu, wewe ulitunga jina refu, ukalichapisha, ukalitundika barabarani mwezi mzima, na leo katibu wako analisoma kwenye kompyuta kwa sababu halikumbuki. Mimi ulinipa jina la maneno mawili, mara moja, bila karatasi, likafika Rusinga kabla yangu. Sasa niambie ni lipi ulilitunga vizuri."

Boaz alitazama viatu vyake kama mtu aliyeona kitu cha ajabu kwenye kamba.

"Ule ulikuwa utani," Zadock alisema.

"Ndiyo. Mfupi, na kila mtu alielewa unamsema nani. Ufanye hivyo hivyo kwa vijana, ila usiwatukane."

Kisha akawaeleza jambo ambalo Zadock mwenyewe alilijua tangu utotoni, ila hakuwahi kudhani lina kazi kwenye kamati. Kwa Waluo mtoto mchanga akilia bila kunyamaza, wazee humwita majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, hadi alisikie lake na kunyamaza. Hawakai chumbani wakabishana lipi linafaa. Wanamwita mtoto mwenyewe.

"Sasa mtoto wenu yuko sokoni analia," alisema. "Nyinyi mko hapa mnaita ukuta."

Wakatoka wote wanne. Hata Zadock alitoka, akidai anakwenda kununua maji.

Wa kwanza alikuwa Jacktone, mwendesha boda, aliyelala juu ya pikipiki yake stejini kama mtu aliyezaliwa hapo. Filister akamtajia jina la mwaka jana. "Ungesikia kuna Kongamano la Viongozi Chipukizi wa Mageuzi, ungeenda?"

Jacktone hakufungua macho; akamwita Filister binti wa Rusinga, kwa Kiluo. "Hiyo ni ya viongozi, nyar Rusinga. Mimi ni kiongozi wa nani? Wa hii Boxer?"

"Lakini kila kijana alikuwa amealikwa," Zadock alisema.

"Si ungesema."

Celestine akaandika. Boaz naye akakumbuka kwamba Kegonga ilikuwa vivyo hivyo: waliokuja walikuwa wenye vyeo vya kanisani tu, wengine walidhani si yao. Kwa hiyo watu mia tatu na kumi hawakupotea njiani. Jina lenyewe lilikuwa limesimama mlangoni na kuwarudisha.

Wa pili alikuwa Marion, msichana aliyekuwa akipanga nyanya nne nne kwenye gunia. Walimjaribu kwa MWANGA. Akasema ni jina zuri. Celestine akafurahi.

"Kutafanyika nini huko?" Filister akamuuliza.

Marion alifikiri. "Watauza sola?"

Celestine akakata mstari, polepole, kama anayekata kidole chake.

"Basi wewe ungetaka kusikia nini?" Filister akamuuliza tena. "Kitu gani kinakunyima raha?"

Marion aliendelea na nyanya zake. "Kila mkubwa ananiambia nianze kitu. Anza biashara, anza kilimo, anza maisha. Hakuna anayeniambia naanza na nini. Sisi wote tunangoja mtaji kama mvua."

"Hata kwetu," Boaz alisema. "Ukiwa na shamba unangoja trekta. Ukipata trekta utangoja barabara."

Filister akasimama hapo sokoni, mkono kiunoni. Hakujua kusoma Biblia, lakini alikuwa ameisikiliza kwa miaka arobaini bila kusinzia, jambo ambalo wazee wengi wa kanisa hawawezi kuapia. "Musa naye alikuwa na visingizio," alisema. "Mungu hakumpa mtaji. Alimuuliza ana nini mkononi. Alikuwa na fimbo tu ya kuchungia."

Marion akatazama mkono wake, uliokuwa na nyanya, akacheka. Jacktone akafungua jicho moja.

"Hapo amenyamaza," Filister alisema. "Mtoto."

Walirudi kanisani, na kazi ambayo ilikuwa imekataa asubuhi nzima ikaisha kabla ya chai kupoa. Celestine alifuta MWANGA, akaandika mambo matatu mbalimbali, maana hapo awali walikuwa wakiyasukumiza yote kwenye sentensi moja. Jina, ambalo litabaki mwaka hadi mwaka, liseme tu ni nani na wanatoka wapi: Kongamano la Vijana, Ziwa na Mpaka. Mada, ambayo ni ya mwaka huu peke yake, ndiyo itakayoongoza kila msemaji: Una nini mkononi? Na wito wa kuitikia, ambao vijana wataondoka nao mdomoni.

"Tuongeze kidogo kwenye mada," Zadock alisema. "Una nini mkononi kwa maendeleo endelevu."

"Hapana, mwalimu," Celestine alisema, na ilikuwa mara yake ya kwanza kumkatalia. "Tukiweka mawili, nusu ya wasemaji watafuata hili na nusu lile."

"Na mimi nitaanza tena kuvaa Jumuishi tumboni," Boaz aliongeza.

Wito ulitoka kwa Filister, kwa njia ya majigambo ya sherehe za Kiluo, ambapo mmoja anaanza na mwenzake anamalizia. Anayeita atasema: "Una nini?" Umati utajibu: "Naanza nacho!" Boaz aliugeuza kwa Kikuria, Filister kwa Kiluo, wakausema kwa sauti mara kadhaa hadi ukasikika stejini, na haukuvunjika popote. Celestine hata hivyo hakupiga simu kwa mchora bango. Aliomba waulaze usiku mmoja kwanza. Kesho yake baada ya ibada walipita stejini, na kabla hawajauliza chochote, Jacktone akamwambia Zadock, "Mwalimu, una nini?"

Zadock alisahau kujibu. Abiria wa Jacktone ndiye aliyejibu: "Naanza nacho!"

Hapo ndipo Filister alipotoa sharti alilokuja nalo. Atapika, lakini safari hii Zadock aseme mbele ya watu, kwa kipaza sauti kile kile, kwamba mwaka jana jiko halikukosea. Zadock akakubali haraka sana, kama mtu anayekubali kitu cha mwezi ujao.

Kwa siku ya kongamano Zadock aliomba chakula cha watu mia tatu, na Celestine akaongeza hamsini kimyakimya. Walikuja kutoka Rusinga na madumu ya omena, dagaa wa ziwani, wakaja kutoka Kegonga na mikungu ya ndizi, kwa sababu waliulizwa wana nini na hawakutaka kufika mikono mitupu. Jacktone alikuja na Boxer. Marion alisimama mbele akaeleza jinsi alivyoanza na gunia moja, na hakuhitaji karatasi. Zadock alishukuru wafadhili, wachungaji, wachora bango na hali ya hewa. Jiko hakulitaja. Filister, ambaye mabaya ameyazoea kuliko mazuri, aliendelea kupakua.

Saa tisa alasiri Zadock alifika jikoni, jasho likimtoka, hajala tangu asubuhi. Sufuria zote zilikuwa zimepinduliwa kwenye nyasi, zinang'aa.

"Mama, hata kidogo?"

"Hakuna."

"Hata mabaki?"

"Mabaki ungeniomba mwaka jana, mwalimu."

Macho ya Zadock yakaangukia sahani moja iliyofunikwa, kando ya kiti cha mpishi. Hiyo ilikuwa ya Filister mwenyewe.

"Ile ni ya nani?"

"Una nini?" Filister akamuuliza.

Zadock alitazama mikono yake. Kisha akatazama jukwaa, ambako kipaza sauti kilikuwa bado kimesimama na vijana wamekaa. Alikwenda kama mtoto aliyetumwa chumvi. Akakohoa, akasema kwamba mwaka jana jiko lilipika idadi ile ile ambayo yeye aliiagiza, kwamba waliokosa kuja walifukuzwa na jina alilolitunga yeye, na kwamba jina jingine alilotoa baadaye, la mtu, analirudisha.

Aliporudi, Filister alikuwa akiosha mwiko.

"Umesikia, mama?"

"Maji yalikuwa yanapiga kelele. Lakini naona vijana wamesikia."

Akafunua sahani, akaigawa nusu kwa nusu. Nusu yenye mfupa akampa mwalimu.