Mwavuli wa Siku ya Ishirini na Nane

Kwa miaka ishirini na miwili watu walimwita Nusu Wakili, naye kwa miaka hiyo yote alijifanya hapendi. Kazi yake ilikuwa kupiga chapa mikataba katika chumba kimoja chenye dirisha linalotazama lango la mahakama. Mwenye kuuza kiwanja, mwenye kupangisha duka, mwenye kumkopesha binamu yake pikipiki akijua hataiona tena, wote walipita kwake. Hakuwahi kusoma sheria hata siku moja. Lakini alikuwa na sauti ya mtu aliyesoma, na miwani, na mtu mwenye vitu hivyo viwili karibu na lango la mahakama hahitaji cheti.

Siri ya ufundi wake ilikuwa mkataba mmoja. Zamani kampuni fulani ya ujenzi ilimletea mkataba wa kurasa tisa aunakili, naye akajiwekea nakala. Tangu hapo mikataba yake yote ilizaliwa na mzazi huyo mmoja. Alibadilisha majina, akafuta zege na nondo, akaandika ng'ombe au cherehani. Kifungu cha kumi na nne hakukigusa kamwe, kwa sababu alipenda mlio wake: mgogoro wowote utakaotokana na mkataba huu au kuhusiana nao utaamuliwa na msuluhishi mmoja atakayekubaliwa na pande zote, na uamuzi wake utakuwa wa mwisho. Wateja walipofika hapo walikuwa wameshachoka, wanatafuta kalamu. Yeye mwenyewe alikuwa amekiandika mara elfu kadhaa bila kukisoma hata mara moja.

Miaka sita iliyopita alimkaribisha mume wa dada yake mdogo katika biashara. Shemeji alikuwa fundi wa mashine za fotokopi, mtu mpole, mwenye mafuta meusi chini ya kucha na tabia ya kukubaliana na kila mtu. Mkataba wa ushirika ulipigwa chapa na Nusu Wakili, bila shaka, kutoka kwa mzazi yuleyule. Kwa fahari akaongeza kifungu chake mwenyewe: mshirika atakayeacha kazi kwa siku thelathini mfululizo bila taarifa ya maandishi atahesabika amejitoa, na chumba kitabaki kwa mwenzake. Alikiandika akimfikiria shemeji, ambaye alionekana mtu wa kupotea potea.

Mambo yakaharibika kwa sababu ya meza. Nusu Wakili alikuwa na meza ya mninga aliyoachiwa na baba yake, na mahali pake palikuwa dirishani. Asubuhi moja akaikuta imesogezwa ukutani, na dirishani imekaa mashine mpya kubwa inayohema.

"Ilihitaji hewa, shemeji," alisema shemeji.

"Na mimi nahema kwa kitu gani?"

Akachukua kofia yake, akaenda nyumbani kununa.

Kununa ni kazi yenye taratibu zake. Mtu ananuna, jamaa wanakuja, anakataa, wanarudi na maneno matamu zaidi, anakubali kwa shingo upande, na meza inarudi dirishani. Nusu Wakili alikaa sebuleni akisubiri hatua ya pili. Wiki ya kwanza alivaa shati safi kila jioni. Wiki ya tatu mkewe akamwuliza kama wageni hao anawajua au amewaota.

"Dada yako nilimwona sokoni," alisema mkewe. "Anasema mumewe anakuachia upumzike."

"Mwambie sijachoka."

"Kamwambie wewe. Una miguu."

Siku ya ishirini na nane mvua ilinyesha, akaenda kwenye chumba cha kazi kuchukua mwavuli wake nyuma ya mlango. Alisimama dakika tano hivi, akikohoa. Shemeji, kichwa chake kikiwa ndani ya mashine, akasema karibu, kisha akaendelea na kazi. Nusu Wakili akaondoka na mwavuli na hasira mpya. Alipopiga moyo konde kurudi, siku ya thelathini na nne, kitasa kilikuwa kipya. Shemeji, mtu wa kukubaliana na kila mtu, alikuwa amekubaliana na mkataba. Mwenye nyumba naye akasema anataka mpangaji mmoja tu, wenyewe wajue ni nani.

Bila dirisha lile Nusu Wakili alikuwa mzee mwenye miwani tu. Hilo alilijua, ndiyo maana hakulala vizuri, na ndiyo maana alivuka barabara kwenda kushtaki.

Wakili aliyeichukua kesi yake alikuwa dada mmoja kijana ambaye tangu yuko shuleni alikuwa akipigiwa chapa kazi zake pale chumbani. Alisoma mkataba wote akiwa amesimama. Nusu Wakili hakuwahi kumwona mtu akifanya jambo hilo.

"Mzee wangu, kuna kifungu cha kumi na nne."

"Hicho ni cha mapambo."

"Mahakama haina macho ya mapambo."

Na kweli haikuwa nayo. Upande wa shemeji uliomba kesi isimamishwe ili mgogoro uende kwa msuluhishi, kama washirika walivyokubaliana. Nusu Wakili alimsukuma wakili wake aseme kwamba mkataba umekufa, kwa hiyo na kifungu chake kimekufa. Jaji, mama mwenye sauti ya taratibu, alieleza kwamba kifungu cha usuluhishi huhesabika kama makubaliano yanayojitegemea. Mkataba ukivunjika chenyewe hubaki, maana kiliwekwa kwa ajili ya siku ya kuvunjika. Basi Nusu Wakili akaomba aseme mwenyewe.

"Mheshimiwa, kifungu kile hakuna anayekisoma."

"Mkataba aliuandika nani?"

"Mimi, mheshimiwa."

"Sahihi hii ni ya nani?"

Ilikuwa yake, yenye mikia mitatu. Hakulazimishwa, hakudanganywa, akili zake zilikuwa timamu, angalau siku ile. Kifungu kilikuwa halali. Kesi ikasimamishwa.

Wote wawili wakamkubali Mama Rula awe msuluhishi, mhasibu mstaafu aliyepewa jina hilo kwa kuwa hakupiga mstari bila rula, hata chini ya jina lake. Vikao vitatu vilifanyika kwenye ukumbi wake wa kulia chakula. Waliyompa kuamua yaliandikwa na kutiwa sahihi: nani abaki na chumba, na mashine zigawanywe vipi. Nusu Wakili alihudhuria vyote, alileta mashahidi, alizungumza saa nzima kuhusu mwavuli. Hoja yake ilikuwa kwamba siku ya ishirini na nane alirudi kazini, kwa hiyo siku thelathini hazikutimia.

"Ulipiga chapa chochote siku hiyo?" aliuliza Mama Rula.

"Nilikohoa."

Aliandika hilo, akalipigia mstari.

Tuzo ikatoka baada ya wiki tatu. Ndivyo wanavyouita uamuzi wa msuluhishi, tuzo, na aliyeshindwa naye hupewa nakala yake, safi, imebanwa pini. Kuchukua mwavuli si kurudi kazini. Chumba ni cha shemeji. Mashine mbili kuukuu wauze wagawane, mpya ibaki kwa shemeji aliyeinunua. Na mwishoni, ili asiache kitu kinaning'inia, Mama Rula akaongeza kwamba meza ya mninga, kwa kuwa imo chumbani, ifuate chumba.

Nusu Wakili aliingia ofisini kwa wakili wake ameshika karatasi hizo kama mtu aliyeshika panya.

"Kata rufaa."

"Hakuna rufaa, mzee wangu. Tunaweza kuomba tuzo itenguliwe, ndani ya miezi mitatu, na kwa sababu chache tu."

"Amekosea kuhusu mwavuli."

"Tuseme amekosea. Kukosea si sababu. Mlimchagua yeye aamue, na kukosea kwake pia mlikuchagua."

"Basi makubaliano hayakuwa halali."

"Hilo limeshaamuliwa. Kisha ukaenda vikao vitatu bila kupinga, ukanywa na chai yake."

"Sikusikilizwa."

"Ulizungumza saa nzima. Imeandikwa, na imepigiwa mstari."

"Alihongwa."

"Una ushahidi?"

Alifikiria sahani za Mama Rula zilizopasuka kingo, akaona aibu kidogo.

"Kuna ile ya maslahi ya umma," alisema. "Umma wote wa lango la mahakama unanitegemea mimi."

Wakili alivua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyochafuka. "Sababu hiyo ni ya tuzo inayokwenda kinyume na misingi ya haki ya nchi nzima, si ya dirisha lako." Kisha akarudi ukurasa wa mwisho, akausoma mara mbili. "Hii meza. Ilikuwa mali ya ushirika?"

"Meza ya baba yangu? Baba aliinunua kabla shemeji hajazaliwa."

"Na kwenye yale mliyompa aamue, ilikuwamo?"

"Nani angemuuliza mtu kuhusu meza ya baba yangu?"

"Vizuri," alisema wakili, na kwa mara ya kwanza tangu kesi ianze alikaa chini.

Jaji alikuwa yuleyule. Alisoma uamuzi wake kwa robo saa. Mahakama si mahali pa kuhesabu upya siku za kununa. Iwe msuluhishi alipima ushahidi wa mwavuli vizuri au vibaya, kazi hiyo alipewa yeye, naye aliifanya. Kuhusu chumba na mashine, tuzo inasimama. Ila kuhusu meza, msuluhishi aliamua jambo ambalo hakupewa, na kwa kuwa sehemu hiyo inaweza kutenganishwa na zilizobaki, inatenguliwa peke yake.

Hivyo ndivyo Nusu Wakili alivyoshinda. Baada ya miezi kumi na moja alipata meza aliyokuwa nayo.

Ilikuwa nzito. Shemeji alikuja mwenyewe kushika upande wa pili, na kwa muda wote wa kuipitisha mlangoni hakuna aliyetaja sheria.

"Inua upande wako, shemeji," alisema Nusu Wakili.

"Nimeinua. Wewe ndiye unayenuna nayo."

Mikono ilikuwa imejaa, hivyo hakuna aliyeweza kuuficha uso wake. Nusu Wakili aliona kwamba shemeji amekonda.

"Kwa nini hukuja?" aliuliza. "Nilikaa sebuleni mwezi mzima."

"Dada yako alisema ukinuna usiguswe. Nilidhani nakuheshimu."

Wakaiweka meza barazani, nje ya dirisha lilelile, kwa upande wa barabara. Mwenye nyumba akasema baraza ni ya wapita njia, nongwa ya nini. Nusu Wakili akatoa taipureta yake ya zamani, akaipuliza vumbi. Mvua ikaanza. Akafungua mwavuli, akaufunga kwa kamba kwenye nondo za dirisha, na nyuma ya nondo mashine mpya ilikuwa ikihema, ikimpa joto mgongoni.

Wateja wa kwanza walikuwa wanawake wawili, mtu na wifi yake, wanaotaka kufuga kuku kwa ushirika. Aliwasomea kila mstari kwa sauti. Alipofika kifungu cha kumi na nne aliweka karatasi chini, akawaeleza msuluhishi ni nani, na kwamba wakigombana, yeye ndiye atakayesema neno la mwisho hata likiwa si zuri, na jaji atawatazama kwa huruma tu.

"Sawa, baba," alisema mmoja, akitafuta kalamu kwenye pochi. "Tutie sahihi wapi?"

"Hujasikia nilichosema."

"Nimesikia. Sisi hatuwezi kugombana."

Nusu Wakili aliwatazama. Kisha akairudisha karatasi kwenye taipureta, akapiga chapa mstari mmoja zaidi chini ya kifungu cha siku thelathini: kuja kuchukua mwavuli si kurudi kazini.

Wifi akainama kusoma. "Mwavuli na kuku wapi na wapi?"

"Umesoma," alisema Nusu Wakili, akampa kalamu.