Tani Arobaini za Sambusa

Nina hasira za karibu, na nalisema mapema ili nisije nikalaumiwa mbele ya safari. Kompyuta ikinikataa naitukana kwanza, kisha ndiyo nasoma inalalamikia nini.

Kampuni iliyoniajiri ilikuwa na yadi ya makontena Changamwe na ofisi ya vyumba viwili Kisauni, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Yadini kulikuwa na malori. Ofisini nilikuwa mimi. Kazi yangu ilikuwa kuutunza mtambo ulioandikwa na kijana mmoja aliyekwisha kwenda zake Ughaibuni: ukurasa wa mtandao unaoonyesha lori gani linatarajiwa yadini leo, dereva wake nani, limebeba nini.

Aliyeutumia ukurasa huo kuliko wote ni karani wa getini, mzee mmoja wa Kaloleni, mwembamba, shati limepigwa pasi hata siku za mvua. Hakuwa mtu wa kubahatisha. Alikaa ndani ya kibanda chake, mlango umefungwa, na haruhusiwi mtu mwingine kuingia, hiyo ndiyo sheria ya yadi. Husoma orodha kwenye kioo, kisha huita kwa kipaza sauti jina la dereva na namba ya lori. Ukiitwa, unaingia. Hukuitwa, utakaa hapo hapo hadi uote mizizi, hata uwe mjomba wake.

Siku moja alinipigia simu, akashusha sauti. "Binti yangu, nina jambo. Zile herufi, huwezi kuzikuza kidogo?"

"Shikamoo baba. Kwani hazionekani?"

"Marahaba. Zinaonekana, lakini zinaogelea. Nimeambiwa ni mtoto wa jicho. Mama asijue, tafadhali. Akijua ataniambia nikapumzike, na mimi nyumbani nina wajukuu watatu wanaonitazama mimi."

Mama ndiye mwenye kampuni, mwanamke wa ukoo wa zamani wa wafanyabiashara, akaaye Likoni. Hana ubaya wowote, ila akishaamua jambo haliamuliwi mara ya pili.

Kukuza herufi ni kazi ya mstari mmoja. Tatizo ni kwamba mradi ule ulikuwa haujengeki tena. Kujenga, kwetu sisi waandika programu, ni kuyakusanya mafaili yote ya mradi na kuyafunga furushi ambalo kivinjari cha mtumiaji kitalisoma. Kazi hiyo ilifanywa na Webpack ya zamani, tena kwenye kompyuta moja tu, kongwe, ambayo kila furushi ilichukua dakika saba kulifunga. Nayo ilikufa. Laptopu yangu ilikuwa na Node mpya, yaani injini inayoiendesha Webpack, na Webpack ile ilipoiona Node mpya ikatoa kosa refu na kulala. Ningeweza kurudisha Node ya zamani nikajikimu. Lakini nilikwisha kasirika. Nikasema wallahi, Webpack inatoka leo, inaingia Vite, mfungaji wa kisasa.

Haikuwa leo. Ilikuwa siku nne.

Kwanza zikanisumbua njia za mafaili. Yule kijana alikuwa ameielekeza Webpack itafute kila kitu ndani ya folda moja, basi mafaili yote yalikuwa yakiitana kwa majina mafupi, "vipande/Jedwali", bila nukta wala mkwaju wa mbele. Vite ikiliona jina la namna hiyo hudhani ni kifurushi cha kupakuliwa kutoka nje, ikaenda kukitafuta, ikarudi mikono mitupu. Nikaweka alama ya @ kwenye mipangilio iwe ndiyo jina la folda ile, nikapita faili moja baada ya jingine nikirekebisha. Halafu ikagoma tena: mafaili yenye vipande vya ukurasa yameitwa .js, nayo yanataka kuitwa .jsx. Nikayabadilisha majina, moja moja, nikiyasoma kidogo njiani. Faili moja lilikuwa limejaa majina ya vyakula. Nikacheka, nikapita.

Kisha zikaja thamani za mazingira, yale mambo yanayobadilika kutoka mahali hadi mahali, kama anwani ya seva. Zamani ziliandikwa process.env. Kivinjari kikaniambia hakijui process ni nani. Nikabadilisha kuwa import.meta.env, ukurasa ukafunguka, na orodha ikawa tupu. Nikachungulia maombi yanayokwenda kwenye seva, nikakuta ukurasa unaomba malori kutoka "undefined/malori". Yaani tumemtuma mtu sokoni kwa anwani isiyokuwepo! Kumbe Vite haikabidhi kivinjari thamani yoyote ambayo jina lake halianzi na VITE_, na inafanya hivyo makusudi, kwa maana chochote kinachoingia kwenye furushi kinaweza kusomwa na ulimwengu mzima. Nikaiita anwani VITE_SEVA. Ufunguo wa siri wa kutuma ujumbe wa simu nikauacha bila kilemba hicho na kuuhamishia kwenye seva. Hapo nilijisifu peke yangu, kwa sauti.

Mwisho kulikuwa na kitu kinaitwa MAJARIBIO. Ndani ya mipangilio ya Webpack kiliandikwa false, yaani hapana. Nikakihamishia kwenye faili la .env.production, VITE_MAJARIBIO=false, faili linalosomwa wakati wa kujenga furushi la kazini. Jumapili nikazikuza herufi hadi zikawa kama za bango la harusi. Jumatatu asubuhi nikajenga. Sekunde kumi na moja! Nikaona furushi limetoka salama, nikalipandisha kwenye seva bila hata kulifungua, nikaagiza viazi karai, nikaletewa ofisini.

Kiazi cha pili hakijapoa, simu ikalia. Ni mama.

"Hebu nambie, mwanangu. Madereva wananipigia simu. Malori yamepanga foleni hadi barabarani, hakuna aliyeingia, na yule baba yuko getini anamwita mtu anaitwa Mahamri Mbaazi."

"Nani?"

"Mahamri Mbaazi! Kwa kipaza sauti! Nimempigia, nikamuuliza lori limebeba nini, akanambia sambusa. Tani arobaini. Tazama hapo kwako, orodha inasema nini?"

Nikafungua mradi kwenye laptopu yangu. Malori ya kweli, madereva wa kweli, mabomba na mbolea na vigae. "Kwangu ni sawa, mama," nikasema. "Hakuna sambusa."

Akashusha pumzi. "Basi ni macho. Au ni akili. Maskini ya Mungu. Natoka Likoni sasa hivi, niko foleni ya feri. Nikifika atampa mwingine funguo za kibanda."

Akakata. Nikabaki nimeshika uma.

Niliona haya kabla sijajua nimekosa nini. Mtu mwenye mtoto wa jicho anaweza kusoma nane akaona tatu. Lakini atasomaje mabomba akaona sambusa? Na hilo la vyakula, mbona nimeliona mahali? Nikatafuta neno sambusa ndani ya mradi mzima. Likatokea kwenye lile faili nililocheka nikapita. Yule kijana, mlafi sijapata kuona, alitengeneza malori ya uongo ya kujaribia mtambo, na madereva wote ni chakula: Mahamri Mbaazi, Biriani Kuku, Mkate wa Sinia. Juu yake mstari mmoja: MAJARIBIO ikiwa ndiyo, onyesha haya.

Nami niliandika false! Nikakaa chini. Kwenye Webpack ile false ilikuwa hapana ya kweli. Kwenye faili la .env kila kitu ni maandishi, na false yangu ilikuwa neno tu la herufi tano. JavaScript, lugha iliyoandikiwa mtambo ule, ikiona neno lolote ambalo si tupu inalihesabu kuwa ndiyo. Kwangu mimi mambo yalikuwa sawa kwa kuwa laptopu inapotumika kuandikia haisomi kabisa faili la .env.production. Mzee alikuwa anasoma kilichoandikwa, herufi kwa herufi, tena herufi kubwa nilizomkuzia mwenyewe. Nilimponza kwa mkono wangu, kisha nikamtolea ushahidi wa uongo.

Astaghfirullah. Nikampigia mama. "Niko ndani ya feri, sisikii!" Akakata.

Dawa ilikuwa ni kuuliza kama thamani ile ni sawasawa na neno "true", basi. Nikaiandika, mkono ukawa juu ya kitufe cha kupandisha, nikasita. Nikirekebisha sasa, mama atafika akute kioo kina mabomba na mbolea, na mzee tayari amehukumiwa kwa sambusa. Nikafunga laptopu, nikaitia mkobani, nikashuka ngazi nikaita bodaboda. "Changamwe, na usiniulize bei!"

Nilifika mama anashuka garini. Foleni ya malori ilikuwa imekata njia, madereva wamekaa kivulini chini ya matrela wanacheka hadi wanajishika mbavu. Kutoka kibandani sauti ya mzee ilitoka tulivu, imekauka: "Mahamri Mbaazi. Kwa mara ya tisa. Asipokuja namwita Biriani Kuku."

"Mama, ingia usome mwenyewe," nikamwambia, nikihema.

"Haruhusiwi mtu kibandani."

"Wewe ndiye mwenye kibanda!"

Akaingia. Mzee akasimama kwa heshima, akampisha. Mama akavaa miwani, akainama, akasoma kwa sauti kama mtu anayekagua mkataba: "Dereva, Mahamri Mbaazi. Mzigo, sambusa. Tani... arobaini."

Kipaza sauti kilikuwa hakijazimwa. "Nipo!" wakajibu madereva wote kwa pamoja.

Nikaungama papo hapo, kwenye kipaza sauti, maana sikujua kinazimwa vipi. Nikasema mzee amesoma sawa, kosa ni langu, na niliposema kwangu ni sawa sikuwa nimetazama anachokitazama yeye. Nikafungua laptopu juu ya meza yake, nikapandisha furushi jipya kwa mtandao wa simu. Ukurasa ukajipakia upya, yakaja mabomba.

Mama akamgeukia mzee. "Nisamehe, baba. Nilidhani ni macho."

Ningekuwa mimi ningenyamaza hapo hapo. Kila kitu kilikuwa kimekwisha vizuri. Mzee akalisawazisha shati lake.

"Ni macho, mama. Mabovu yote mawili. Huyu binti ndiye aliyenikuzia herufi, kwa siri, nilimwomba mimi. Amesema kweli mbele ya watu, mimi nitamwachaje peke yake?"

Mama alimtazama, akanitazama, akatazama herufi zile za bango la harusi.

"Kesho usije kazini," akasema. "Wala kesho kutwa. Nenda ukafanyiwe jicho moja, upone, kisha la pili. Mshahara utaupata. Mpaka utakaporudi, getini atakaa huyu."

Akaninyooshea kidole mimi.

"Mimi, mama? Mimi ni mwandika programu!"

"Utaandikia hapa. Utaona kinachoonekana hapa."

Mzee akanisogezea kiti, akanionyesha kwa mkono kitufe cha kipaza sauti, namna ya kukiwasha na namna ya kukizima. Nikakiwasha, nikamwita dereva wa kwanza.