Kimo na Lita Haviji Pamoja

Zuleka ndiye aliyeandika matangazo ya mtandaoni ya duka la pampu la mjomba wake Mahmood mjini Meru, na siku hiyo tangazo moja nusura limpotezee kazi.

"Andika lita elfu tatu kwa saa, kimo mita hamsini," Mahmood aliamuru. "Si ndivyo kibandiko cha pampu hii kinasema?"

"Kinasema, mjomba. Hata mimi nakula na nalala, lakini si kwa pamoja. Ikipandisha maji kimo cha mita hamsini, hii pampu haitajaza hata kikombe cha chai."

"Andika hivyo, ama urudi kwa mama yako."

Zuleka akaandika: kwa kimo cha mita thelathini na tano, lita elfu moja na mia mbili kwa saa, stima ya nyumba, volti 240, isikae zaidi ya mita saba juu ya maji. Akalirusha tangazo hewani mjomba akitazama.

Punde Gachoki, mkulima wa Kiritiri, akapiga simu. "Dada, mto uko mita ishirini chini ya nyumba. Nitaiweka nyumbani?"

"Haitavuta. Lazima ishuke mtoni na waya wa stima."

"Huko stima haifiki."

"Basi usinunue hii."

Mahmood akashika kichwa. "Umefukuza mteja!"

"Nimemzuia asikuje hapa na panga. Sifuti neno. Mkoba wangu ni huu, nifukuze."

Mjomba akautazama mkoba, kisha pampu ya petroli pale kona. "Mpigie umwambie ya petroli iko."

"Nitampigia," Zuleka akasema, "na hiyo pia nitaiandika kwa ukweli huu huu."