Chuma Kinahesabu Kutua

Mguu wangu alinikata patron, mwenye ndege, si Mungu. Nilimsaidia mekanisiye, fundi wa ndege yetu ndogo ya mizigo, Bukavu hadi Shabunda. Kule tunatua juu ya mawe, na kila kutua kunachosha chuma cha mguu wa ndege, ule unaoshika gurudumu, ufa unazaliwa ndani. Ndiyo maana kutua kumewekewa kikomo: ukikifikia, unakagua, ili ufa uonekane kabla haujavunja chuma.

Mekanisiye akasema, “Patron, kikomo cha kutua kimepita.”

“Kwa masaa ya kuruka bado,” patron akacheka. “Safari zetu ni fupi. Ndege haijachoka, papa, umechoka weye.”

Mekanisiye naye akacheka, akasaini karatasi ya kuruhusu ndege iruke. Alijua vizuri kwamba chuma hicho hakihesabu masaa, kinahesabu kutua.

Kesho yake nilikuwa ndani; tulipotua Shabunda, mguu wa ndege ulikatika, tukabiringika. Rubani alikufa. Nikiwa nimebanwa, niliona pale chuma kilipovunjika: sehemu kubwa nyeusi, ufa wa zamani, kipande kidogo tu kiling'aa, kilichokatika siku ile.

Patron alikuja hospitali, akaangalia shuka lililolala bapa upande mmoja.

“Shukuru, papa. Weye umebakiza mguu mmoja. Ndege yangu haikubakiza kitu.”